Salamu za Sikukuu na Nguo ya Pili Nusu Bei

Watu wa ile korido ya maduka walimwita Nukta, na hakuna aliyemwita hivyo kwa mapenzi. Jina alipewa na Fundi, mama aliyekaa na cherehani yake nyuma ya pazia la duka, baada ya kuchoka kusikia kila ubishi ukifungwa kwa maneno yaleyale: "Nimesema, nukta." Wenzake wakalidaka, likamganda. Yeye hakulichukia. Alilivaa kama cheo.

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia shingoni kwa uzi mweusi, na uso wa mtu aliyepewa chai ya chumvi akaamua kuimeza kwa kumstahi mwenyeji. Ujana wake aliumalizia kwenye ofisi ya shule akichapa barua za mkuu wa shule, barua ambazo, kwa maelezo yake, mkuu mwenyewe asingeweza kuziandika hata angefungiwa chumbani na kamusi. Shule ilipopunguza watu, dada yake, ambaye korido nzima ilimwita Mkubwa, akamwambia aje dukani. Akaja amekunja pua, na pua haikukunjuka tena.

Duka lilikuwa la Mkubwa. Kanzu upande wa kulia, mabaibui upande wa kushoto, nguo za watoto mbele kabisa zikining'inia kwenye henga ndogondogo, kofia na mitandio ndani ya kabati la kioo ambalo mlango wake lazima uunyanyue kidogo ndipo ufunguke. Mkubwa aliuza, Nukta akaandika. Duka lilipofungua ukurasa mtandaoni, Mkubwa alimkabidhi simu akamwambia, "Wewe mwenye maneno, haya." Tangu hapo kila picha ya gauni iliyotoka pale ilitoka na maneno ya Nukta chini yake, na mwenyewe alijivunia jambo moja kuliko yote, kwamba hajawahi kuandika uongo. Kitambaa kikichuja, aliandika kinachuja. Wateja walicheka, wakaja, wakanunua. Aliamini kabisa wanakuja kwa ajili ya maneno yake.

Mkubwa alifariki miezi michache kabla ya Ramadhani, kwa ugonjwa mfupi ambao hata jina lake familia haikuwahi kulishika sawasawa. Duka likabaki mikononi mwa mumewe. Nukta alimwita Shemeji, kama ilivyo ada, lakini neno lilimtoka kama mtu anayetema mbegu.

Shemeji maisha yake yote alikuwa ameuza matairi. Alijua matairi, alinuka matairi, na aliuza nguo kama matairi. Alikuwa na mazoea ya kumwonyesha mteja gauni kwa kulipigapiga kwa kiganja, kana kwamba anamthibitishia kwamba halina pancha. Siku moja Nukta alimsikia akimwambia bibi harusi mtarajiwa, "Hii mama utaitumia miaka mitano, barabara yoyote." Nukta alitoka nje kwa aibu. Tena hata vumbi la mazishi halijatulia, Shemeji alikuwa ameshakikalia kiti cha Mkubwa nyuma ya kaunta, kile chenye mto wa maua, akakaa tu anatazama mlango. Jambo hilo Nukta hakumsamehe. Alikuwa na mengi mengine ya kutomsamehe, lakini hilo liliongoza msafara.

Basi likaingia kumi la mwisho la Ramadhani, wakati ambao duka la nguo ama linapata riziki yake ya mwaka ama linaikosa. Kila asubuhi, kabla wateja hawajaanza kupita, Nukta alikuwa na starehe yake ndogo. Alivaa miwani, akafungua simu ya duka, akamsomea Fundi matangazo ya maduka mengine kwa sauti ya msoma taarifa ya habari.

"Sikiliza huyu. 'Eid Mubarak wapendwa, alama ya mshangao, mshangao, mshangao. Usikubali kuwa wewe peke yako utakayeswali na nguo ya mwaka jana.'"

"Yaani mtu anatukanwa kabla ya kununua," Fundi alisema, mdomoni ameshikilia pini.

"Ngoja. Huyu hapa ndiye kiboko. 'Mwenyezi Mungu azipokee funga zenu, nasi tunapokea malipo kwa simu.'"

Fundi alilazimika kutoa pini mdomoni ndipo acheke. "Huyo atakuwa na ubia na malaika."

"Huyu mwingine ameweka mwezi, nyota, taa, fataki, na mbuzi. Mbuzi wa nini saa hizi? Sikukuu ya kuchinja iko huko mbele, huyu ameshamfungulia mbuzi wake." Nukta alivua miwani. "Watu wanafunga mwezi mzima, wamekonda, wamenyenyekea, halafu anatokea hayawani na kalamu anawapigia kelele kama kondakta. Salamu ya Eid ni dua. Ukishaifanya ndoana, huna tofauti na mwizi wa msikitini."

Alikuwa bado anaendelea kutema moto Shemeji alipoingia, jasho linamtoka, bahasha mkononi. Hakusalimia vizuri. Aliitoa picha kwenye bahasha akaiweka juu ya kaunta kwa fahari ya mtu aliyeleta dhahabu.

Ilikuwa picha ya Mkubwa. Amesimama palepale dukani, mtandio wa rangi ya zambarau, anacheka, mkono mmoja umeshika henga.

"Hii," Shemeji alisema, "ndiyo tangazo letu la sikukuu. Nimeshafikiria na maneno. 'Marehemu mke wangu alipenda kuona wateja wake wamependeza. Njoo umfurahishe. Punguzo siku tatu tu.' Unaonaje, shemeji?"

Nukta alimwona kama alivyo, yaani, kama alivyodhani alivyo: mtu anayeweza kumwuza mkewe akiwa hai, akamwuza na akiwa kaburini, kwa punguzo.

"Naona umechanganyikiwa," alisema.

"Watu walimpenda."

"Ndiyo sababu hutomtundika kama bango la sabuni. Alipokuwa hai hakuruhusu uso wake ukae kwenye ukurasa hata siku moja. Picha zote ni za nguo, mikono, henga. Leo amekufa hana wa kumkataza, ndiyo umwanike? Na hilo neno 'njoo umfurahishe.' Atafurahi vipi, Shemeji? Utampelekea risiti?"

Shemeji aliirudisha picha ndani ya bahasha, polepole, kama anayemfunika mtoto. Nukta aliuona ule upole, akauhesabu kuwa ni ujanja.

"Sawa. Hutaki yangu," Shemeji alisema. "Andika yako. Lakini mauzo yamelala, na wewe unajua. Maneno yako yakileta watu kabla ya wiki kuisha, picha hii inarudi nyumbani. Yasipoleta, inapanda. Duka ni langu."

"Yataleta," Nukta akasema. "Nukta."

Alikaa na simu ile siku nzima. Waliokuja kununua walihudumiwa kwa jicho moja. Alifuta, akaandika, akafuta, akaenda kunawa uso, akarudi. Mpaka alasiri alikuwa na kitu ambacho, kwa maoni yake, hakijawahi kuandikwa na duka lolote la nguo chini ya jua. Kwanza hakuandika "Eid Mubarak", kwa kuwa Eid yenyewe haijafika, na kumtakia mtu sikukuu njema ilhali bado yuko na kiu yake alikuona ni kumharakisha Mungu. Aliandika kuwaombea waja funga iliyobaki iwe nyepesi na yenye kukubaliwa. Akawaombea wagonjwa wapone. Akawaombea walio safarini wafike. Akawaombea walio mbali na watoto wao wakutane nao. Akawashukuru wateja kwa mwaka mzima. Akaeleza kwamba mapambo ya kweli ni ya moyo. Halafu, chini kabisa, kama mtu anayetoa kitu haramu mfukoni, akaandika: "Kwa watakaohitaji, upo pia utaratibu maalumu dukani katika kipindi hiki. Karibuni."

Akaposti. Akamsomea Fundi. Fundi akasema, "Maneno mazito," na akarudi kwenye pindo lake.

Majibu yalimiminika. Amin. Amin ya rabi. Mikono miwili iliyofumbatana. Mungu awabariki nyie watu wa duka. Bibi mmoja aliandika kwamba ametokwa na machozi. Nukta alitembea kwenye korido akiwa amenyoosha shingo, akawapita wauzaji wa duka la jirani, wale wa mbuzi na fataki, bila kuwageukia.

Kesho yake hakuja mtu. Keshokutwa yake walikuja wawili, wakauliza choo kiko wapi.

Siku ya pili Shemeji aliinama juu ya simu, akapitisha kidole kwenye zile amin, akashusha, akashusha. "Wengi sana," alisema. "Sasa hizi tunazifungia kwenye mfuko gani?"

Nukta alimdharau mpaka kichwa kikamwuma. Aliingia nyuma ya pazia kwa Fundi, akajitupa juu ya robota la vitambaa.

"Watu hawajui kusoma," alisema. "Umewapa kitu cha heshima, wanataka mbuzi."

Fundi alikuwa anatoboa tundu za vifungo. Hakuinua macho. "Mwenzangu, nikwambie kitu, hutokasirika?"

"Nitakasirika. Sema."

"Mimi nilivyosikia yale maneno nilidhani duka linafungwa. Nilidhani unaaga. Nikaanza kuwaza cherehani yangu nitaipeleka wapi."

Nukta akaketi wima juu ya robota.

"Ofa iko wapi?" Fundi akauliza. "Binti yangu anafuata ukurasa wetu. Ameona mistari miwili, pale mwishoni pameandikwa 'ona zaidi', akaweka amin akapita zake. Nani atabonyeza aone zaidi, na hao watoto wanamlilia? Na hata angebonyeza. 'Utaratibu maalumu.' Utaratibu wa nini? Wa mazishi?"

"Sikutaka kuwasukuma."

"Hukuwasukuma, umewafungia mlango." Fundi alikata uzi kwa meno. "Mkubwa alikuwa anawaambia vipi? Alikuwa anasimama pale mlangoni, mtu akipita, 'Asalaam aleikum mama, watoto hawajambo? Hii ya bluu ni bei fulani, imeshapunguzwa, ukiitaka ipo, usipoitaka siku njema.' Basi. Anageuka anaendelea na kazi yake. Mtu hajasumbuliwa, lakini ameshajua bei. Sasa wewe unaona haya kutaja bei. Unaona kuuza ni uchafu. Mwenye pesa kidogo ndiye anayetaka bei isemwe, mwenzangu, kwa sababu hataki kuja kuuliza halafu arudi mikono mitupu, watu wote wanamwangalia."

Lilimchoma. Lilimchoma zaidi kwa kuwa lilitoka kwa mtu aliyeandika jina lake kwa tabu. Nukta angependa sana kulipuuza, na alijaribu, akakaa juu ya robota akitafuta dosari ndani yake kama alivyozoea kutafuta dosari kwenye barua za mkuu wa shule. Hakuipata. Ni kweli alikuwa anaona haya. Miaka yote hiyo alikula riziki ya duka huku akijiona amekaa juu yake, na heshima yote aliyoiandika siku ile, ukiikamua vizuri, ilikuwa inamheshimu yeye.

Alichukua simu. Safari hii hakukaa siku nzima. Alimwuliza Shemeji, kwa kifupi na bila kumtazama, ofa yenyewe ni ipi hasa, maana mpaka hapo hakuna aliyekuwa ameipanga. Shemeji alisema punguzo la robo bei dukani kote. Nukta akashika lebo ya bei kwenye kanzu iliyokuwa karibu. "Hii uliipandisha juzi. Ukiipunguza robo inarudi ilipokuwa. Hilo siandiki." Walivutana. Mwisho wakaafikiana kitu kilichokuwa kweli: nguo za watoto, ukinunua moja, ya pili nusu bei, kwa bei zilezile za kabla ya mfungo. Na Fundi kwa hiari yake akaongeza kwamba atapunguza urefu bure, kwa sababu watoto wenyewe hawapimwi, wananunuliwa nguo kwa kukisia.

"Siku tatu tu," Shemeji alisema.

"Mpaka siku ya tatu baada ya Eid."

"Baada? Nani ananunua nguo ya sikukuu baada ya sikukuu? Ofa isiyo na haraka si ofa, shemeji. Hata tairi—"

"Yupo anayepata mshahara sikukuu imeshapita. Mtoto wake naye ni mtoto. Akijua ofa itamngoja, hatakopa ili aiwahi."

Shemeji alikuna kidevu. Ilionekana anataka kubisha, lakini hoja ilikuwa imemfikia mahali fulani, akakubali kwa kichwa.

Maneno yenyewe yalikuwa haya, na salamu ikakaa peke yake juu, ofa chini yake baada ya nafasi, vitu viwili visivyoshikana mikono:

"Tunawaombea funga njema kwa siku zilizobaki, na Mwenyezi Mungu atufikishe Eid kwa heri.

"Nguo za watoto: ukinunua moja, ya pili ni nusu bei. Bei zimeandikwa kwenye kila picha. Kupunguza urefu ni bure. Ofa inaendelea hadi siku ya tatu baada ya sikukuu, kwa hiyo msiwe na haraka. Tunafunga wakati wa futari, tunafungua tena baada ya tarawehe."

Hapakuwa na mwezi wala nyota. Nukta aliusoma ujumbe mara moja akauona mkavu, hauna fahari, hata mtu mwingine angeweza kuuandika. Akaposti hivyohivyo, picha kumi za nguo za watoto, kila moja na bei yake pembeni. Na kwa kuwa hakujiamini, siku hiyo hakupita kwenye korido.

Amin zilikuwa chache. Lakini kabla ya futari alitokea mwanamke na watoto wawili, simu mkononi, akasimama mlangoni kama mtu anayetazamia kufukuzwa.

"Ni kweli kama ilivyoandikwa?" aliuliza.

"Kama ilivyoandikwa," Nukta alijibu.

"Hakuna cha kuingia inboksi?"

"Hakuna."

Mwanamke akashusha pumzi. "Kule kwingine wanakwambia bei njoo inboksi. Ukienda inboksi wanakuuliza una bajeti gani. Ukitaja bajeti hawakujibu tena." Akachagua gauni la manjano na kanzu ndogo, akalipa kiasi alichokuja nacho kimekunjwa tayari kiganjani. Alikuwa amepiga hesabu nyumbani. Fundi aliwasimamisha watoto juu ya stuli, akawapima pindo, akazipunguza nguo urefu palepale, na yule mama hakumwomba mtu yeyote kitu chochote mpaka akatoka.

Wakaja wengine. Hawakuja kwa mafuriko, hakuna aliyevunja kioo, duka la mbuzi na fataki liliendelea kujaa kuliko wao. Lakini walikuja siku baada ya siku, wanajua walichofuata, hawabishani bei, na henga za mbele zikaanza kubaki tupu. Wiki ilipoisha Shemeji aliifungua droo, akaitoa ile bahasha, akaitia ndani ya mkoba wake wa kwenda nyumbani. Hakusema umeshinda. Nukta naye hakumshukuru, kwa kuwa mwizi hashukuriwi kwa kutoiba.

Ikafika jioni ya kungojea mwezi. Korido nzima ilikuwa na redio mkononi. Shemeji alikaa kwenye kile kiti cha mto wa maua, mguu unamcheza.

"Wenzetu wote wameshaweka Eid Mubarak," alisema. "Tumebaki sisi."

"Wameuona mwezi wapi? Stoo?"

"Watu wanasema utaonekana tu."

"Ukionekana tutasema. Usipoonekana, kesho watu wanafunga, na sisi tutakuwa tumewaambia wasifunge." Nukta alikuwa ameshaandaa maneno, yamekaa kwenye simu yanangoja. Haya ya Eid yenyewe aliyaandika kwa raha. Hayakuwa na ofa hata kidogo. Ofa ilikuwa imeshasemwa, na siku ya Eid mtu akifungua simu yake apate salamu, si bei. Aliandika pongezi, akaandika dua ya kukubaliwa, na akaongeza sentensi moja ambayo aliiona nzuri, imekaa vizuri, ina mizani.

Tangazo la mwezi lilipotoka, watu walipiga kelele za furaha korido nzima, wakashikana mikono, Fundi akamkumbatia Nukta na kumchoma na pini. Nukta akavaa miwani apitie maneno mara ya mwisho.

"Nione," Shemeji alisema.

Alimpa simu kwa kidole na gumba. Shemeji alisoma polepole, midomo inacheza, kama anavyosoma mtu ambaye kusoma kwake kuliishia kwenye vipimo vya matairi. Nukta alisimama akimtazama, akifurahia jinsi anavyosumbuka. Shemeji alifika katikati, akakwama. Akarudi nyuma, akasoma tena, sasa kwa sauti.

"'Na kwa wale ambao sikukuu hii wamepungukiwa na mtu wao nyumbani, tunawakumbuka, na tunaijua siku hii ilivyo ndefu kwao.'"

Nje watu walikuwa bado wanapeana mikono ya Eid. Shemeji hakuinua kichwa.

"Hawa ni nani?" aliuliza.

"Wateja," Nukta alisema.

"Aa. Wateja." Alitikisa kichwa mara mbili tatu, kama anayekubali bei. "Mimi nikadhani umeniandika mimi."

Nukta alikuwa ameandika sentensi ile kwa ajili ya mji mzima, kwa watu asiowajua majina wala sura, na haikumpitia akilini hata mara moja kwamba mmoja wao amekaa mbele yake tangu mazishi, umbali wa kaunta.

"Wanakuja hapa kutwa," Shemeji akaendelea, sauti yake ya kawaida tu, ya kuuzia. "Wananiuliza bei. Hakuna anayemtaja. Wanaona haya, sijui, au wanadhani nitalia mbele yao. Nikasema nikiiweka ile picha, mtu akiingia atalazimika kumsema. Hata neno moja. Ofa nilitia tu, ndiyo ninayoijua mimi, kuita watu kwa ofa." Akamrudishia simu. "Lakini ulisema kweli, hakupenda picha. Ni nzuri hii. Tuma."

Nukta aliishika simu. Alitafuta ndani ya kichwa chake chote kilichojaa maneno, akagundua kwamba tangu siku ile ya kaburini hajawahi kumpa mtu huyu pole. Alikuwa amempa majibu.

"Ni wewe, Shemeji," alisema. "Nilikuandika wewe."

Ulikuwa uongo. Shemeji alijua kabisa, lakini akanyanyuka, akakisogeza kile kiti chenye mto wa maua mpaka upande wa kaunta aliosimama Nukta.

"Kaa basi uniambie," alisema. "Utotoni mwenu, huyu mwanamke alikuwaje?"